UZI: Mgonjwa wa dawa ya kukojoza maji, sodiamu 118 na potasiamu 2.8. Tunaanza na lipi, na kwa kasi gani?

Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina mgonjwa wodini sasa hivi. Bingwa nimeshampigia na yuko njiani, lakini nataka niwe naelewa kinachofanyika, si kufuata maagizo tu.

Ni mama wa miaka 71, mwembamba, kilo 50. Ana presha ya siku nyingi na alikuwa akitumia amlodipini peke yake. Wiki tatu zilizopita presha ilipogoma kushuka aliongezewa haidroklorothiazaidi miligramu 25. Siku tano hizi amelegea, ana kichefuchefu, miguu inauma kama imekazwa, na jana aliyumba akaketi chini akielekea chooni. Kichwa hakikugonga popote. Anajua alipo na anamtambua binti yake, ila ukimuuliza swali jibu linachelewa. Hajatapika, hajapata degedege. Presha akiwa amelala ni 136 kwa 80, akisimama inashuka hadi 114 kwa 70.

Majibu ya maabara: sodiamu 118, potasiamu 2.8. Figo na sukari viko sawa. Binti yake ameniambia jambo jingine: walielezwa kwamba dawa hii inakausha mwili, basi mama amekuwa akijilazimisha kunywa maji mchana kutwa.

Nikitazama namba hizi mbili, zote zinanitisha. Ipi ya haraka zaidi?

Kijana wa Wodi

Potasiamu kwanza, mkuu, hapo hakuna mjadala. Potasiamu inasimamisha moyo, sodiamu inamchosha tu. Weka potasiamu kwenye dripu. Sodiamu nayo ishughulikie kivyake: maji ya chumvi ya asilimia 0.9, lita tatu mpaka asubuhi, ifike 135 kabla ya raundi. Hizi ni hesabu mbili tofauti, usizichanganye.

Daktari wa Figo

Kijana, nusu ya kwanza ya maneno yako naikubali. Nusu ya pili inaweza kumwacha mama huyu hai lakini asiyeweza kumeza wala kusema. Naomba tuende taratibu.

Zamu, kabla ya yote mfanyie kipimo cha umeme wa moyo. Huo ndio unaokupa kiwango cha haraka, si namba ya karatasi. Potasiamu ya 2.8 kwa mtu mwenye moyo mzima na kipimo safi ni jambo la kutibu leo, kwa utulivu, kwa mdomo kama anameza. Potasiamu hiyohiyo ya 2.8 kwa mtu anayetumia digoksini, au ambaye mapigo yake yameanza kuruka, ni jambo la dakika hii na anatakiwa awe kwenye mashine ya kufuatilia moyo. Chini ya 2.5 mimi simwachi mtu bila mashine hata kama anacheka.

Kwenye sodiamu ni kinyume: kinachoamua haraka ni ubongo. Mtu mwenye 118 iliyoshuka polepole kwa wiki kadhaa anaweza kuwa anaongea nawe, kwa sababu seli za ubongo zimepata muda wa kutoa chumvichumvi zake nje ili zisivimbe. Mwingine mwenye 122 iliyoshuka kwa siku moja anaweza kuwa na degedege. Ukiona kutapika mfululizo, usingizi usioamshika, kuchanganyikiwa kabisa au degedege, basi sodiamu inapanda juu ya orodha na unampa maji ya chumvi ya asilimia 3, mililita 100 kwa dakika kumi, unaweza kurudia hadi mara tatu. Lengo hapo ni kuinua 4 hadi 6 tu, si kufika 135. Kupanda kwa kiasi hicho kunatosha kupunguza uvimbe wa ubongo.

Mama yako hajafika huko. Kwa hiyo usiku huu kwake hatari ya sodiamu si kwamba iko chini. Hatari ni kwamba mtaipandisha haraka mno.

Zamu ya Usiku

Kipimo kimetoka. Wimbi la T limelala na baada yake kuna wimbi la U linaloonekana wazi kwenye njia za kifuani. Mapigo yanaenda sawasawa, 78. Hatumii digoksini. Anameza vizuri.

Daktari, hapo kwenye kupandisha haraka mno naomba ufafanue. Nikimpa potasiamu tu, sodiamu si itabaki palepale?

Daktari wa Figo

Haitabaki, na hili ndilo watu wengi hawafundishwi wodini.

Mwili ukipungukiwa potasiamu, seli zinapoteza potasiamu yake na sodiamu inaingia ndani kushika nafasi. Ukimrudishia potasiamu, inaingia kwenye seli na ile sodiamu inatoka kurudi kwenye damu. Potasiamu nyingine inayoingia huko ndani inavuta maji kutoka nje. Njia zote mbili zinapandisha sodiamu ya damu. Kwa hesabu ya haraka ya kitandani, milimoli moja ya potasiamu unayompa ni sawa na kumpa milimoli moja ya sodiamu.

Chukua mama huyu. Mwanamke mzee wa kilo 50 ana maji mwilini kama lita 22 na nusu. Milimoli 40 za potasiamu ukizigawa kwa hizo lita unapata karibu 1.8. Yaani dozi moja tu imepandisha sodiamu kwa karibu 2 bila wewe kugusa chumvi. Ukimpa milimoli 120 kwa siku nzima, jambo la kawaida kabisa kwa 2.8, umepandisha kwa zaidi ya 5.

Sasa kikomo. Kwa mtu mwenye sodiamu iliyokaa chini zaidi ya siku mbili, tena mwenye potasiamu ndogo, sitaki ipande zaidi ya 8 kwa saa 24. Potasiamu ndogo yenyewe ni mojawapo ya mambo yanayomweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kuharibika kwa utando wa mishipa ya fahamu katika shina la ubongo. Wenzake ni ulevi, utapiamlo na ini bovu. Madhara hayo hayaonekani usiku huohuo. Mgonjwa anaamka vizuri, mnafurahi, kisha baada ya siku kadhaa maneno yanakwama, kumeza kunashindikana, miguu na mikono inakuwa mizito.

Kwa hiyo, Zamu, matibabu ya potasiamu ndiyo tayari matibabu ya sodiamu. Ukiongeza juu yake lita tatu za chumvi umelipa deni mara mbili.

Kijana wa Wodi

Sawa daktari, lakini presha inashuka akisimama. Huyo amekauka. Usipompa maji ya chumvi unamtibuje?

Daktari wa Figo

Swali zuri. Kidogo apewe, kwa kuwa dalili ya kupungukiwa ipo. Lita moja tu, polepole, kisha upime upya kabla ya kutundika nyingine. Shida ya ukaukaji huu ni kwamba ndio unaoulazimisha mwili kutoa homoni inayozuia mkojo. Ukishajaza mishipa, homoni inazimika ghafla na figo zinaanza kumwaga maji matupu. Hapo sodiamu inaruka hata kama dripu umeifunga. Kila lita ya maji matupu inayotoka kwake itainua sodiamu kwa zaidi ya 5.

Ndiyo maana namtaka awe na mpira wa mkojo au chombo cha kupimia, na mkojo uandikwe kila saa. Ukivuka mililita 100 kwa saa, piga simu.

Mfamasia Mkimya

Naongeza upande wa dawa, kwa kuwa makosa mengi hutokea hapa.

Kama anameza, kloridi ya potasiamu ya mdomo inatosha sehemu kubwa, na ni salama kuliko ya mshipani. Angalia nguvu ya kidonge ulichonacho: kile cha kuachia taratibu cha miligramu 600 kina milimoli 8 tu, hivyo kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni hakimfikishi popote.

Kwa mshipani: ampuli ya mililita 10 yenye asilimia 15 ina milimoli 20. Haisukumwi kwa sindano hata siku moja, inaua. Inachanganywa, chupa inageuzwa mara kadhaa ili isitulie chini, isizidi milimoli 40 kwa lita kwenye mshipa wa mkono, na kasi iwe milimoli 10 kwa saa. Kufika 20 kwa saa kunahitaji mashine ya moyo na mtu anayeitazama. Na tafadhali usichanganye kwenye dekstrozi mwanzoni. Sukari inaamsha insulini, insulini inasukuma potasiamu ndani ya seli, na unaweza kuikuta imeshuka zaidi baada ya saa mbili.

Ulizia pia kama anatumia omeprazoli au dawa za sonona kama fluoksetini. Ya kwanza ikitumika muda mrefu inashusha magnesiamu, ya pili inashusha sodiamu.

Zamu ya Usiku

Asante sana mfamasia. Omeprazoli ndiyo, binti anasema zaidi ya mwaka. Sonona hapana. Magnesiamu nimetuma, majibu bado.

Mfamasia Mkimya

Basi usiingoje. Magnesiamu ikiwa chini, figo zinaendelea kuvujisha potasiamu na utakuwa unajaza ndoo iliyotoboka. Kwa figo nzima kama zake, mwombe bingwa akuruhusu kuanza.

Binti wa Pili

Shikamooni. Samahani kuingilia, mimi si mtu wa hospitali. Mama yangu naye anatumia dawa ya maji, ya kwake ni spironolaktoni, pamoja na enalaprili. Amepima leo, potasiamu ni 6.1. Nimesoma hapa kwamba dawa za maji zinashusha potasiamu, kwa hiyo nikaona 6.1 ni nzuri, yuko na akiba. Anajisikia vizuri kabisa. Miadi yake ni wiki ijayo. Tusubiri?

Daktari wa Figo

Marahaba binti. Usisubiri. Mpeleke leo hii, sasa, na asimeze tena spironolaktoni wala enalaprili mpaka aonwe.

Dawa za maji si za aina moja. Haidroklorothiazaidi na furosemaidi zinamwaga potasiamu. Spironolaktoni inaizuia isitoke, na enalaprili inafanya hivyo kwa njia nyingine. Zikiwa pamoja zinaweza kuipandisha hatari. Kujisikia vizuri hakunipi faraja hata kidogo: potasiamu iliyopanda mara nyingi haitoi onyo, na dalili ya kwanza inaweza kuwa moyo kusimama. Kwa 6.1 anahitaji kipimo cha umeme wa moyo na kurudiwa damu leo. Ikithibitika ni 6.5 au zaidi, au kipimo cha moyo kikionyesha wimbi la T lililochongoka au mawimbi yaliyopanuka, ni dharura kamili: kalsiamu mshipani kuukinga moyo kwanza, kisha insulini pamoja na sukari ili kuisukuma ndani ya seli.

Je, kuna dawa mpya aliyopewa karibuni? Ya maumivu, au ya maambukizi?

Binti wa Pili

Alipewa kotrimoksazoli ya njia ya mkojo, leo ni siku ya sita. Na figo waliwahi kusema zimechoka kidogo. Namwandaa twende.

Daktari wa Figo

Hiyo kotrimoksazoli inaelekea kuwa ndiyo iliyomsukuma. Ndani yake kuna trimethoprimu, nayo inazuia potasiamu kutoka kwenye figo vilevile kama baadhi ya dawa za maji. Beba dawa zote mkononi uwaonyeshe.

Sampuli Safi

Mimi ni wa maabara. Dada, mkifika mwambieni mchukua damu asiache mkanda muda mrefu na mama asikunje na kukunjua ngumi. Chembe nyekundu zikipasuka kwenye tyubu, potasiamu inasoma juu wakati mwilini iko sawa. Nimeona 6.4 ikirudi 4.6 kwenye sampuli ya pili.

Kijana wa Wodi

Kwa hiyo huenda ni makosa ya sampuli tu na hana haja ya kukimbia usiku.

Sampuli Safi

Hapana, sikusema hivyo. Nimesema irudiwe vizuri, na irudiwe leo. Mtu mwenye figo zilizochoka, spironolaktoni, enalaprili na kotrimoksazoli, mimi naiamini 6.1 yake mpaka sampuli ya pili inipinge.

Mtoto wa Mzee

Na mimi niulize. Baba ana moyo uliopanuka, anatumia furosemaidi, miguu imevimba, sodiamu 128. Tumuongezee chumvi ipande?

Daktari wa Figo

Hapana, ndugu yangu. Baba hajapungukiwa chumvi, ana maji mengi kupita chumvi. Ukimpa chumvi atavimba zaidi na kupumua kwa shida. Kwake mara nyingi ni kupunguza anachokunywa na kurekebisha dawa za moyo. Kama hajachanganyikiwa, 128 ni ya kupiga simu kliniki kesho, si ya usiku huu. Akianza kuweweseka au kukosa pumzi, mlete mara moja.

Zamu ya Usiku

Narudi na habari. Bingwa alikubali. Haidroklorothiazaidi imesimamishwa. Alipata lita moja ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye milimoli 40 za potasiamu kwa saa nne, kisha milimoli 40 kwa mdomo, na magnesiamu. Sasa ni saa ya 12. Potasiamu 3.4, wimbi la U limepungua. Sodiamu 124. Mama amechangamka, amemuuliza muuguzi jina lake.

Kinachonisumbua ni mkojo. Ulikuwa mililita 40 kwa saa, sasa ni 250, mweupe kama maji. Binti yake anafurahi kwamba figo zimefunguka.

Daktari wa Figo

Hiki ndicho nilichokuwa nakingoja. Tazama hesabu: potasiamu 80 imekupa karibu 3.5, lita ya chumvi imekupa kama 1.5, jumla 5. Umepata 6, na ile ya ziada ndiyo mkojo unaoanza. Umebakiwa na 2 tu kwa saa 12 zijazo, na kwa 250 kwa saa utazimaliza ndani ya saa mbili.

Usimpe chumvi tena. Mwache anywe maji sasa. Mwambie bingwa kuhusu desmopresini mikrogramu 2 ili kuubana mkojo, na dekstrozi ya asilimia 5 kufidia unaotoka. Ukishampa desmopresini ni lazima uwe mwangalifu na maji anayokunywa, maana figo hazitaweza kuyatoa na sodiamu itageuka kushuka. Potasiamu ya mdomo iendelee kwa kiasi kidogo, kwa sababu dekstrozi itaivuta chini, na kila milimoli uiandike kwenye hesabu ya sodiamu. Pima zote mbili kila saa mbili.

Tabibu Mwandamizi

Nimekuwa nikisoma kimya. Daktari, kwa heshima, mimi singefika kwenye desmopresini kwa 124. Miaka ya karibuni kuna tafiti zinazoonyesha kwamba madhara ya ubongo ni nadra sana, na kwamba wanaopandishwa polepole mno hukaa hospitali muda mrefu na hata kufa zaidi. Ningefidia maji kwa dekstrozi tu na kupima.

Daktari wa Figo

Nazifahamu, na hoja ni ya kweli. Ila tafiti hizo zimetazama kumbukumbu za wagonjwa wa kila namna, na wengi wao hawakuwa na potasiamu ya 2.8 pamoja na mwili mwembamba wa miaka 71. Kwa mwenye 122 na hana lingine ningekubaliana nawe. Kwa huyu nabaki na 8. Kama dekstrozi peke yake itaushinda mkojo wa 250, nitafurahi, lakini mara nyingi haiushindi.

Zamu ya Usiku

Bingwa amechagua desmopresini. Mkojo umeshuka hadi 60. Saa ya 24: sodiamu 126, potasiamu 3.7. Magnesiamu ya mwanzo imerudi 0.55, ilikuwa chini kweli. Omeprazoli imesimamishwa.

Swali la mwisho: presha yake imeanza kupanda, 158 kwa 88. Bingwa anataka kuongeza losartani. Je, akishapona kabisa anaweza kurudia haidroklorothiazaidi kwa nusu dozi?

Daktari wa Figo

Hapana. Aliyeangushwa na dawa za kundi hilo mara moja huangushwa tena, hata kwa dozi ndogo, wakati mwingine ndani ya siku chache. Iandikwe kwenye kadi yake kama dawa asiyopewa, pamoja na indapamidi na klothalidoni kwa kuwa ni ndugu zake. Losartani ni sawa, ila ianze potasiamu ikiwa imetulia na nyongeza ya vidonge imesimamishwa, kisha damu irudiwe baada ya wiki moja hadi mbili. Na umwambie binti yake sasa, kwa maneno rahisi, kwamba mama anywe akiwa na kiu tu.

Binti wa Pili

Nimerudi kuwajulisha. Sampuli ya pili ilisoma 6.3, na kwenye kipimo cha moyo wamesema wimbi limechongoka. Amepewa ile kalsiamu na insulini, amelazwa, mashine iko kifuani. Anauliza kwa nini wanamzuia kwenda nyumbani wakati haumwi popote.